Nambari Mpya ya Mchango wa Mamangu

Mamangu alifariki alfajiri, katika hospitali moja hapa kisiwani, baada ya miezi ya kuingia na kutoka. Nilikuwa nimemshika mkono. Sikuhisi kitu kubadilika. Muuguzi ndiye aliyenigusa bega akasema, "Dada, mama ametangulia," nami nikaendelea kuushika ule mkono kwa sababu ulikuwa ungali na joto, na niliona nikiuachilia ndipo itakuwa kweli.

Tulizaliwa watatu. Kaka yangu ndiye mkubwa wetu, ana duka la leso Biashara Street. Wa pili ni dada yangu, aliyeolewa Uingereza miaka mingi iliyopita. Mimi ni kitindamimba, niliyebaki na mama Kibokoni katika nyumba aliyotuzalia. Kaka alipofika hospitali hakulia. Alimbusu mama kwenye paji la uso, kisha akateremka kwenda kushughulikia bili. Alilipa alichokuwa nacho, kwa kilichobaki akatia sahihi kwamba ukoo utakimaliza, na tukaruhusiwa kumchukua maiti wetu.

Ndani ya gari ndiko alikoandika taanzia. Alitaja mama ni nani, ameacha nani, atasaliwa msikiti gani baada ya adhuhuri, na mwishowe akaweka nambari yake ya simu kwa wenye kutaka kusaidia gharama za hospitali. Zamani msiba ulipigiwa mbiu na watu wakapita mlango kwa mlango. Siku hizi kuna kundi la simu la watu wa mtaa, mamia ya watu, na wengi wao hata hawaishi tena Mombasa. Wako Maskati, wako Dubai, wako Ulaya na Kanada. Hulia nasi kutoka huko, na mchango ndio mkono wao katika maziko.

Kabla hajaituma nilimshika mkono. "Na khalati?"

Khalati ni mdogo wake mama, na katika tumbo lao alikuwa amebaki yeye peke yake. Anaishi Maskati na binti yake, na moyo wake si mzima.

"Khalati asiambiwe kwa simu," kaka alisema. "Nimeshazungumza na bintiye. Atatoka kazini mapema, ampe dawa zake, amketishe, amwambie uso kwa uso."

"Lakini yumo kundini."

"Yumo, ila halisomi. Wajukuu walimzimia zamani kwa ajili ya kelele. Yeye hufungua ujumbe aliotumiwa yeye mwenyewe, basi."

Ilikuwa kweli. Khalati alikuwa akituuliza habari za mtaa wiki nzima baada ya kundi zima kuzichoka. Basi taanzia ikatumwa.

Dada alipiga tukiwa hata hatujafika nyumbani. Alilia mpaka mumewe akaishika simu, kisha akairudisha kwake. Kuja asingeweza kuwahi, na sote tulijua.

"Msiningoje," alisema. "Mama asicheleweshwe kwa ajili yangu. Nilikuwa nimeweka nauli ya kuja kumuona mwezi ujao. Hiyo nauli nitaituma. Angalau niwe na changu katika maziko ya mamangu."

"Usijikalifishe, dada."

"Niache, nduyangu. Nitafanya nini kingine huku?"

Tulimwosha mama katika chumba cha uani, mimi na wanawake wawili wanaoijua kazi hiyo. Waliniachia nimwagie maji miguuni. Miguu yake ilikuwa imekuwa midogo kama ya msichana. Mmoja wao aliniambia polepole, "Usimwangushie machozi, mwanangu, jikaze," nikawa nageuka ukutani kila yanaponijia. Tulimvika sanda, tukamtia udi na kafuri, na wanawake wakaingia kumuaga.

Kabla ya jeneza kutoka kaka alinikabidhi simu yake. Angeshuka kaburini kumlaza mama, na hakutaka kuteremka na simu kwenye kanzu. Niliiweka juu ya kitanda cha mama, sauti nikaizima. Wanaume wakamwinua. Mlango wetu ni mwembamba, ikabidi wamwinamishe kidogo, na sauti zao za "La ilaha illallah" zikaingia katika uchochoro, zikapungua, zikaisha. Sisi wanawake tulibaki na nyumba ambayo ghafla ilikuwa kubwa.

Nilikuwa nimejilaza kwenye mkeka karibu na kitanda cha mama simu yangu ilipolia. Ilikuwa khalati.

Nilidhani bintiye ameshamwambia. Nilidhani anapiga tulie pamoja. Nilishika kwa haraka.

"Shikamoo, khalati."

"Marahaba, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliyetoka kunywa chai. "Nina jambo nataka kukuuliza. Nimeletewa ujumbe na kakako, lakini nambari siijui. Picha ni yake, ile yuko dukani. Asema nambari ya mchango imebadilika, ile ya mwanzo imejaa haipokei tena, tutumie hii mpya. Nikasema, mimi situmi kitu mpaka nisikie sauti ya mtu wetu. Mchango wa nini, mwanangu? Nani amekufa?"

Nyuma yangu wanawake walikuwa wakisoma. Mmoja alikuwa akilia kwa kwikwi, na nina hakika khalati alimsikia.

"Khalati, binti yako yuko hapo?"

"Yuko kazini. Niambie."

"Khalati, keti kitako kwanza."

"Nimeketi." Sauti ikawa imeshabadilika. "Ni mamako?"

Sikuwa na njia ya kuikwepa ile "ni mamako". Nimeifikiria tangu siku ile, kama kulikuwa na neno jingine la kulisema, na sijalipata.

"Ni mama, khalati."

Nilisikia pumzi yake. Halafu, "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Nami nikawa nasema, "Khalati? Khalati, nisikie, dawa zako ziko wapi?" Aliponijibu hakujibu hilo.

"Ameshazikwa?"

"Wametoka naye sasa hivi."

"Na mimi nimeambiwa na nani?"

Hapo ndipo akili iliponirudi. Maana simu ya kaka ilikuwa pale pale juu ya kitanda, mbele ya macho yangu. Nikamwomba anisomee ule ujumbe. Alisoma neno moja moja, kama asomavyo karatasi za daktari: kwamba ni yeye kaka, ametumia laini nyingine kwa kuwa ile ya mwanzo imefikia kiwango; kwamba pesa za mchango zitumwe kwa nambari hii ya mweka hazina wa msiba, na jina likitoka la mtu mwingine wasishangae; kwamba wasimpigie, yuko makaburini, hataweza kushika. Lilikuwepo jina la kaka, jina la msikiti, saa ya maziko. Vyote vilitoka katika taanzia yetu wenyewe.

Lililofanya ule uongo ufae ni kwamba kila kipande chake kingeweza kuwa kweli. Laini ya pesa kweli ina kiwango, ikijaa hairuhusu kuingia zaidi. Mweka hazina wa msiba kweli huwa mtu mwingine. Na kaka kweli alikuwa makaburini.

"Khalati, huyo si kaka. Simu ya kaka ninayo mimi hapa. Ni mwizi."

"Mwizi," alisema, kama anayelijaribu neno. "Basi waambie wenzako, mwanangu. Mimi siye peke yangu niliyeletewa."

Nilianza kuandika kwenye simu ya kaka, huku khalati yuko sikioni katika yangu. Alinisikia nikibonyeza.

"Usiandike," alisema. "Na yeye ameandika. Watajuaje wewe ni wewe? Sema kwa mdomo wako, waijue sauti."

Mwanamke ambaye alikuwa ndio kwanza ameambiwa kwamba nduye wa mwisho amekufa. Hata leo nikilikumbuka hilo hujiuliza alitoa wapi akili ile.

Nikashika simu ya kaka nikazungumza kundini, sauti yangu ikiwa ya kilio kama ilivyokuwa. Nilisema mimi ni kitindamimba wa marehemu. Nikasema nambari ya mchango ni moja, ile iliyo katika taanzia ya asubuhi, haijajaa na haijabadilika, na aliyeletewa nyingine asitume kitu. Nikasema mwenye shaka asipige nambari iliyoandikwa katika ujumbe aliopata. Anipigie mimi, au jirani yetu wa ukuta mmoja, kwa nambari alizokuwa nazo siku zote. Mwishowe nikamwomba anayesimamia kundi auweke ujumbe wangu juu kabisa, usipotee katika rambirambi.

Halafu nikaona katika simu ya kaka kwamba dada alikuwa amepiga. Si mara moja. Alipiga wakati jeneza linatoka, wakati sisi sote tuko mlangoni na simu iko kitandani, imezimwa sauti.

Nilimwomba khalati asikate, nikampigia dada kwa simu ya kaka. Alishika hata haijalia.

"Kaka, imefika?" alisema. "Nimetuma kwenye ile mpya. Nilikupigia nikuulize, hukushika, nikajua uko makaburini kama ulivyosema."

"Dada, ni mimi."

Sikulazimika kusema mengi. Alielewa kwa kusikia sauti yangu katika simu ya kaka. Programu anayotumia kutuma pesa kutoka kule haikumuonyesha jina la mwenye laini kabla ya kutuma. Jina aliliandika yeye mwenyewe, kama alivyoelekezwa katika ujumbe. Nikamwambia awapigie wenye programu sasa hivi, azuie, alie baadaye. Akakata. Niliporudi kwa khalati nilimkuta anasoma Yasini kwa sauti ndogo. Nilibaki naye hivyo hivyo, yeye akisoma na mimi nikimsikiliza, mpaka bintiye akaingia kwa mbio na nikamsikia akiita, "Mama! Mama!" kutoka mlangoni. Alikuwa amekuja na dawa mkononi, amejiandaa njia nzima jinsi ya kuanza.

Kaka alirudi na udongo kwenye kanzu, hajanawa hata miguu. Nilimweleza kwenye ngazi. Aliketi pale pale kwenye ngazi, akaiangalia simu yake, akaitazama ile picha yake mwenyewe dukani ambayo mwizi aliichukua, picha ambayo mama alikuwa akiipenda.

Dada alipiga tena. Wenye programu walimjibu kwa adabu kwamba pesa zimeshapokewa; wangeandika malalamiko, lakini kuzirudisha kunawezekana tu kama bado zimo katika laini ya aliyezipokea. Kaka naye aliwapigia wenye mtandao wa simu. Walimsikiliza, wakaichukua ile nambari ya mwizi, wakasema wataifunga, na wakamwambia aripoti polisi apate nambari ya OB, ile ya kitabu cha matukio. Lakini ndani ya laini hakukuwa na kitu tena. Zilitolewa kwa wakala katika mji wa mbali ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kufika, kabla ya kaburi la mama kufukiwa.

Tulikwenda kituoni yeye na mimi, mimi na buibui langu na macho yangu yaliyovimba. Askari aliyetuandikia alikuwa mtu mzima, mtu wa bara, akatupa pole kwa heshima. Alituambia kuwa kwenye makundi makubwa kama lile nambari za watu zinaonekana na yeyote aliyeingia, na wezi hawahangaiki na sisi wa hapa, ambao tunaweza kutembea mpaka nyumba ya msiba tukatoa mkononi. Huchagua nambari zinazoanza na msimbo wa nje. "Mwenye laini hii," akasema, "huenda ni mzee fulani kijijini aliyesajiliwa bila kujua. Tutamtafuta, lakini nisiwadanganye." Nilimshukuru kwa kutotudanganya.

Tulijua baadaye kwamba ujumbe uliwafikia jamaa kadhaa wa nje. Mmoja wa Kanada alipiga kwanza kwa jirani yetu. Wengine waliisikia sauti yangu kabla hawajatuma. Aliyepoteza alikuwa dada peke yake, na alikuwa ndiye aliyefanya haraka kwa sababu ndiye aliyeumia zaidi.

Siku ya tatu ya matanga alipiga kwa video. Wanawake walikuwa wanatandua mikeka. Nilimzungushia simu aone nyumba, aone kitanda, aone uani.

"Watu wananiambia nisisikitike, pesa ni pesa," alisema. "Mimi sisikitikii pesa. Unajua nilipobonyeza kutuma nilisema nini? Nilisema, mama, hii ni sehemu yangu ya sanda yako. Nilitulia. Kwa muda ule mdogo nilihisi nimesimama na nyinyi pale mlangoni. Sasa huyo mtu amekula hata hilo."

"Sehemu yako ipo, dada. Kaka amesema…"

"Najua kaka amesema. Kaka atalipa akasema ni yangu. Si hivyo, nduyangu."

Nilimweka mbele ya dirisha la mama, tukakaa tu, yeye kule na mimi huku, mpaka akasema anakwenda kuwapokea watoto shuleni.

Khalati hakutupigia. Bintiye alituambia yu mzima, moyo umestahimili, anakula kidogo. Kaka akipiga, alipewa salamu tu. Mwishowe siku moja alishika simu mwenyewe. Kaka aliweka sauti ya juu ili nisikie.

"Khalati, nisamehe. Tuliogopea moyo wako."

"Najua mliogopea nini. Binti yangu kanieleza." Hakuwa na hasira katika sauti, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Lakini fikiri, mwanangu. Mtu nisiyemjua, mwizi, aliniona mimi ni mmoja wa wenye msiba. Yeye alinihesabu. Nyinyi mkaniweka kando ngoja ngoja, kama mtoto. Mimi ni nduye mtu."

Kaka hakulia hospitali, hakulia makaburini. Alilia pale, dukani kwake, mlango umerudishwa nusu, wateja wanapita nje wakichagua leso.

Khalati hakumwambia anyamaze. Alimngojea, kisha akasema, "Basi. Sasa tuwekeni mambo sawa, maana nani ajuaye ni nani atafuata."

Ni yeye aliyeupanga utaratibu tunaoufuata sasa. Habari ya kifo kwetu haianzii kundini. Watu wa damu hupigiwa kwanza, mmoja mmoja, kwa sauti, hata awe mgonjwa, na mwenye kuogopewa moyo atafutiwe mtu wa kukaa naye wakati anaambiwa, asiachwe nje. Nambari ya mchango hutajwa kwa mdomo na watu wawili wa nyumba hiyo, na taanzia huandika waziwazi kwamba haitabadilika. Anayeletewa nyingine huichukulia ni ya mwizi hata ikiwa na picha ya babake. Akitaka kuhakikisha hupiga nambari aliyoihifadhi zamani, na asiposhikiwa hupiga ya mtu mwingine wa ukoo, na wa tatu. Simu isiyoshikwa si jibu. Na wakati wa maziko simu ya mwenye msiba hubaki na mtu ambaye kazi yake siku hiyo ni kuishika. "Msiba haukimbii," khalati alisema. "Pesa ikifika kesho, maiti hatakasirika."

Alipofiwa binamu yetu wa kuumeni tuliufuata utaratibu huo, na ujumbe wa nambari mpya ulikuja vilevile, kwa dada tena. Safari hii alinipigia mimi. Alipohakikisha hakukata simu mara moja, maana sote wawili tulikuwa tunaikumbuka siku ile ya mama.

Khalati alikuja Mombasa baada ya arobaini kupita, akishikiliwa na bintiye, akiwa mwembamba kuliko nilivyomjua. Tulimpeleka kumzuru mama, akasimama nje ya ukuta wa makaburi akaomba dua kwa muda mrefu. Tuliporudi hakutaka chakula. Aliingia chumbani kwa mama, akaketi kitandani, akanigongea godoro kwa mkono nikae karibu naye.

"Haya," alisema. "Niambie sasa. Mamako aliondokaje siku ile?"

"Khalati, si unajua…"

"Sijui kitu. Niliambiwa na simu. Nataka kuambiwa na wewe."

Basi nikaanza jioni ya kabla yake, mama alipoomba uji akaunywa vijiko vichache. Nikamwambia jinsi alivyotaka mto ugeuzwe upande wa ubaridi, jinsi alivyotaja jina la khalati la utotoni, lile la nyumbani, akacheka peke yake. Nikamwambia alivyopumua. Nikamwambia habari ya mkono. Khalati alisikiliza, hakunikatiza, na nilipofika pale muuguzi aliponigusa bega, alijifunika uso kwa ncha ya mtandio wake akamlilia nduye kwa sauti, kama mtu aliyepata habari sasa hivi.